Kopo moja, bei tatu

Kariakoo huulizi tu “bei gani?” Ukiuliza hivyo, muuzaji naye atakuuliza: “Unachukua moja au za jumla?” Jibu lako ndilo litakalopanga bei. Mnunuzi amezoea hilo. Anayehangaika ni yule anayetengeneza bidhaa ya ngozi nyumbani kwake, akaipangia bei moja, kisha siku moja mwenye duka akamwuliza ya jumla ni kiasi gani.

Tuchukue mfano wa mafuta ya mwili ya sheya, kopo la gramu 200. Tuseme malighafi inakula shilingi 2,900, kopo na lebo 1,300, kazi na gesi 900, na 400 nyingine ni za makopo yanayoharibika au kufunguliwa ili wateja wajaribu. Jumla 5,500. Wengi hufika hapo, wakaongeza faida kidogo na kuuza 8,000. Kwa jirani zinatoka vizuri. Lakini mwenye duka hawezi kuchukua kwa 8,000 na kuuza kwa hiyo hiyo 8,000, na mtengenezaji akimpunguzia hadi 6,000, faida yake inabaki mia tano. Hapo amekwama, kwa sababu kupandisha bei ambayo wateja wameshaizoea ni kazi ngumu kuliko kutengeneza mafuta yenyewe.

Kwa hiyo bei ya rejareja ndiyo hupangwa kwanza, na hupangwa ikiwa na nafasi ya mtu wa pili ndani yake. Tuseme mtaani kopo la namna hii linauzika 15,000. Muuzaji wa kati, anayechukua kuanzia pisi sita, apewe kwa 10,000. Atapata 5,000 kwa kila kopo, na humo atoe kodi ya fremu, nauli na siku za kukaa bila mteja. Ukimwachia 1,500 atakushukuru kwa adabu, kisha ataweka makopo yako rafu ya chini.

Mnunuzi wa tatu ni wa katoni nzima, makopo 48, labda mwenye saluni kadhaa au mfanyabiashara wa mkoani. Huyu apewe kwa 8,000. Mtengenezaji anabaki na 2,500 kwa kopo, yaani 120,000 kwa katoni. Inaonekana ndogo mpaka uhesabu gharama za rejareja: boda, bando la kutangazia, na nusu saa ya kumjibu mtu anayeuliza kama yanaondoa chunusi, halafu asinunue. Tukikadiria shughuli hiyo kuwa 3,500 kwa kopo, rejareja inaacha 6,000. Basi 120,000 ile ile ingehitaji wateja ishirini wa mmoja mmoja, na wa katoni ameileta kwa safari moja.

Punguzo hilo ni malipo ya usumbufu ulioondolewa, kwa hiyo lina sharti la fedha taslimu. Anayetaka mali kauli, achukue leo alipe akishauza, asipewe 8,000. Mtaji wako umelala dukani kwake, na mafuta yakichacha atakurudishia wewe. Mpe kwa bei ya muuzaji wa kati, tena makopo machache, na uandike tarehe ya kuisha kwenye karatasi yenu.

Mambo huharibika hasa pale bei hizi zinapogongana. Aliyechukua katoni kwa 8,000 anaanza kuuza mtandaoni moja moja kwa 11,000, huku wauzaji wako walionunua kwa 10,000 wakidai 15,000. Hawatakuja kulalamika. Utaona tu kwamba aliyekuwa akichukua kila wiki mbili amekaa mwezi mzima kimya. Kumlazimisha mtu bei ya kuuzia nako kuna mipaka. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumshurutisha muuzaji asishuke chini ya bei fulani, ingawa kupendekeza bei kunaruhusiwa. Njia nyepesi ni kubadili chombo: mwenye saluni apewe ndoo ya kilo tano, ambayo hawezi kuipanga rafuni ikashindana na makopo. Wa mkoani apewe katoni, kwa mji ambao huna muuzaji mwingine.

Ila mvurugaji mkubwa, kwa niliyoyaona, huwa ni mtengenezaji mwenyewe. Mwisho wa mwezi fedha imekata, anatangaza “ofa” ya 10,000 kwa kila mtu. Siku hiyo muuzaji wake wa kati amegeuka mteja wa kawaida, na makopo aliyobaki nayo hayana faida tena.

Basi mteja wa kopo moja akikubembeleza umfanyie ya jumla, mwambie ya jumla inaanzia pisi sita, hata kama ni shemeji yako.