Usiandike "gari safi": namna nilivyouza RAV4 ya mjomba kwa kuonyesha makosa yake

Wandugu, mimi nilisoma kilimo, biashara ya magari sikuisomea. Lakini mwaka jana mjomba wangu hapa Kasongo alinipa simu ya pili na kazi moja: niuze RAV4 yake. Alisema, "Wewe ni lisansie, unajua kuandika. Tafuta mtu." Alihitaji pesa mbele ya masomo kuanza, kwa sababu watoto wake wawili wako chuoni Bukavu.

Nikaandika tangazo kwa dakika tano: "RAV4 safi sana, moteri kavu, haina tatizo hata moja, bei nzuri, piga simu haraka." Nikaosha gari, nikaipiga picha tatu ingali na maji, inang'aa kama sahani. Wiki ile simu hazikulala. Wengi waliuliza "bei ya mwisho?" hata kabla ya salamu, nikiwajibu wananyamaza. Mtu mmoja tu alikuja: papa mmoja wa Kabambare, kwa pikipiki, wakati wa mvua, akalala njiani. Alipofika hakuangalia rangi. Aliinama, akapitisha kidole chini ya moteri, akanionyesha kidole kile kikiwa cheusi. "Kijana, moteri kavu ni hii?" Hakupaza sauti. Alikunywa maji, akapanda pikipiki yake, akarudi.

Mimi sikuwa nimedanganya kwa makusudi. Sikuwa nimeangalia, basi. Niliandika yale maneno kwa sababu kila tangazo linaandika vile. Na tatizo liko palepale. Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alipata tuzo ya Nobel pamoja na wengine wawili. Wazo lake ukilileta Kasongo ni hili: muuzaji anajua gari yake, mnunuzi hajui. Kama wote wanaandika "safi sana", mnunuzi hana namna ya kutenga nzuri na mbovu, kwa hiyo anatoa bei ya katikati kwa zote. Mwenye gari nzuri anakasirika, anatoa gari yake sokoni. Wanabaki wenye mbovu. Mtu makini anaacha kupiga simu. Anayeendelea kupiga ni yule wa kubahatisha.

Kwetu huku jambo linazidi, kwa sababu mnunuzi mara nyingi yuko mbali. Yuko Kindu, ama Kabambare, na barabara mnaijua. Yeye hawezi "kupita kuangalia". Kwa hiyo tangazo linatakiwa kumsaidia aamue kitu kimoja: je, safari hii inafaa? Nilipoelewa hivyo nikaanza upya.

Kwanza nilimwita fundi, nikamlipa dola kumi aipime gari bila kutengeneza kitu. Alipata makosa manne. Oil inavuja kwenye juanti ya kifuniko cha valvu, juu ya moteri. Amortiseri mbili za mbele zimekufa. Kioo cha mbele kina ufa upande wa abiria. Klimatizasio haitoi baridi. Nikamwomba aniambie bei ya kila kimoja hapa Kasongo, nikaandika kwenye daftari.

Halafu picha. Sisi wa kilimo tulifundishwa kupiga picha ya jani la muhogo lenye ugonjwa: jani zima, kisha kidonda karibu, na kalamu pembeni ili mtu ajue ukubwa. Nilifanya vilevile. Gari nzima kwanza, kutoka pembe nne. Nilisimama mbali kama mita tano, kwa sababu ukikaribia sana simu inavimbisha pua ya gari na mtu haelewi umbo. Nilipiga saa moja asubuhi, jua likiwa chini. Saa sita huku jua liko juu ya kichwa: paa linawaka, ubavu unakuwa giza, na mibonyeo yote inapotea. Asubuhi, ukiinama kidogo na kupiga ukifuata ubavu wa gari kutoka taa ya nyuma kwenda mbele, mstari wa mwanga unakatika pale bati lilipobonyea. Gari iwe imeoshwa na kukauka kabisa. Maji yanaficha mikwaruzo, na mnunuzi mwenye uzoefu akiona gari yenye maji anajua.

Moteri sikuiosha. Hapo wengi wanakosea, wakidhani moteri inayong'aa inavutia. Fundi akiona moteri imeoshwa jana anauliza mara moja unaficha nini. Udongo wetu mwekundu ni shahidi mzuri: vumbi linashika pale penye oil, linakuwa jeusi na zito, na pakavu linabaki jepesi. Nilipiga pale palipovuja, kisha nikaweka noti ya franga mia tano pembeni ili ukubwa uonekane. Jioni nikaweka karatasi nyeupe ya katoni chini ya moteri, asubuhi nikaitoa: matone matatu. Nikaipiga picha katoni ile. Niamini, hiyo ndiyo picha iliyouza gari. "Oil inavuja kidogo" ni maneno, kila mtu anapima "kidogo" yake. Matone matatu kwa usiku mmoja mtu anayaona.

Tabulo nilipiga mara mbili. Ya kwanza ufunguo umezungushwa lakini moteri haijawashwa: hapo taa za onyo za oil, batri na moteri zinatakiwa kuwaka. Ya pili moteri inazunguka: zinatakiwa kuzimika. Mtu akikuletea ile ya pili peke yake, usifurahi, maana wako watu wanaotoa balbu ya taa inayowasumbua. Kilomita nazo zinaonekana hapo. Zilikuwa 214.000, lakini sikuandika "imetembea 214.000". Niliandika "tabulo inaonyesha". Gari ya mwaka 1998 iliyotoka Japani na kupita mikono mitatu, mimi nitaapa kwa nini?

Matairi yana siri ambayo wengi hawaijui. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno marefu lakini mpira umezeeka na kupasuka. Piga picha ya tarakimu na ya meno. Yetu mbili zilikuwa mpya, mbili za zamani, nikaonyesha zote.

Mwisho video moja, isiyokatwa, gari ikiwa imelala usiku mzima. Ninagusa kapo kuonyesha ni baridi, ninaonyesha tabulo, mtu anawasha, ninaenda na simu hadi kwenye egzosi. Moshi wa buluu unaobaki ni oil inaungua. Moshi mweupe mwingi usioisha hata moteri ikipata moto, na maji ya radiateri yanapungua, ni dalili kwamba maji yanaingia ndani ya moteri, na hiyo ni garama kubwa. Mvuke mweupe wa dakika chache asubuhi si ugonjwa. Usimwashie mnunuzi gari iliyokwisha pata moto: makosa mengi yanajificha hapo.

Kuna picha moja ya kulinda mnunuzi na wewe mwenyewe: kikaratasi chenye tarehe, kimeandikwa kwa mkono, kimewekwa mbele ya volani. Matapeli wanaiba picha za gari za watu na kudai malipo ya mwanzo. Karte roze nilisema ipo na iko kwa jina la mjomba, lakini kwenye picha nilifunika jina na namba. Mtu akija anaiona mkononi, analinganisha namba ya sashi.

Tangazo jipya likawa hivi:

"RAV4 milango mitano, mwaka 1998, esansi, sashi SXA11, volani kulia. Tabulo inaonyesha 214.000. Iko Kasongo mjini. Inawaka na kutembea kila siku. Batri na matairi mawili ya nyuma ni mapya. Makosa: oil inavuja juu ya moteri, matone matatu usiku (angalia picha), kutengeneza dola 25, amortiseri mbili za mbele, dola 140, kioo cha mbele kina ufa wa sentimita 20, klimatizasio haifanyi. Duane na karte roze zipo. Tunauza kwa ajili ya masomo ya watoto. Bei dola 5.000, tunasikilizana kidogo baada ya kuiona. Njoo na fundi wako, utaijaribu mlimani."

Kwenye kundi niliweka picha sita tu, kwa sababu mega ni pesa na mtandao wetu mnaujua. Zilizobaki na video nilimtumia aliyeomba, kama dokumenti ndani ya WhatsApp, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na ufa unapotea.

Mjomba alisoma akanyamaza muda. "Sasa umewaambia yote. Nani atakuja?" Wiki mbili simu zilikuwa tano. Lakini hakuna aliyeuliza bei ya mwisho. Mmoja aliuliza amortiseri ni za mbele kweli au pande zote. Mwingine aliomba video ya gari ikipanda. Yule wa tatu, papa wa Kindu, alikuja na fundi wake. Fundi alitafuta karibu saa moja, akapata yaleyale manne, akamwambia bosi wake kwa sauti, "Papa, kama alivyoandika." Walilipa dola 4.750. Kila walipotaka kupunguza kwa sababu ya oil, nilisema oil imo tayari ndani ya bei, na walikubali.

Picha hazionyeshi kila kitu, hilo lazima niseme. Sauti ya buati ya vitesi, namna volani inavyovuta, hayo ni ya kujaribu barabarani. Na mimi mwenyewe niliruka kitu. Baada ya wiki tatu papa yule alinipigia: "Kijana, mlango wa nyuma ukifunguliwa unashuka." RAV4 ile inabeba gurudumu la akiba mgongoni, juu ya mlango unaofunguka kwa upande, na barabara zetu zinachosha bawaba. Mimi nilikuwa nimepiga milango yote ikiwa imefungwa. Hata fundi wake hakuufungua. Nilimwambia mjomba, tukamtumia dola thelathini za kuchomelea. Papa wa Kabambare nilimpigia pia, kuomba radhi kwa ile safari. Alisema sawa, akauliza kama niko na gari nyingine. Sikuwa nayo.