Delta Inavyoamua Ukali wa Hitilafu ya Athi

Fezi ikigusa chuma kilichofungwa athi, fyuzi inapaswa kukatika mara moja. Ili ikatike, lazima mkondo mkubwa upite, na ukubwa huo huamuliwa kwa kiasi kikubwa na namna koili za transfoma zilivyounganishwa.

Tuchukue transfoma ya kVA 315, ya kushusha volti 11,000 hadi 400, yenye kipingamizi cha asilimia 4. Mkondo wake kamili upande wa chini ni ampea 455. Kibao chake kimeandikwa Dyn11: juu delta, chini nyota, na nyutro imefungwa athi.

Katika hesabu, mkondo wa hitilafu hugawanywa sehemu tatu. Moja huitwa mfuatano sifuri: hupita sawasawa katika fezi zote tatu kwa wakati mmoja, kisha hurudi kwa nyutro. Kila mkondo wa koili ya chini huhitaji mkondo wa kuusawazisha katika koili ya juu. Ndani ya delta, mikondo mitatu iliyo sawa huzunguka pembetatu bila kutoka nje, hivyo usawa hupatikana na kipingamizi cha mfuatano sifuri hubaki karibu asilimia 4 ileile. Gawanya 3 kwa asilimia 4+4+4, upate mara 25 ya mkondo kamili: takriban ampea 11,400, tukiacha kipingamizi cha gridi.

Sasa badilisha delta kwa nyota isiyo na waya wa nyutro, yaani Yyn0. Mikondo ile mitatu haina pa kurudia, kwa hiyo koili ya chini inabaki peke yake ikisukuma sumaku. Katika kiini cha nguzo tatu, sumaku hiyo hulazimika kurudi kupitia mafuta na tangi. Kipingamizi hupanda sana. Tuseme asilimia 50. Gawanya 3 kwa asilimia 4+4+50: mkondo unashuka hadi ampea 2,350 hivi.

Hofu yangu kubwa ni hitilafu iliyo kati ya transfoma na fyuzi za chini, kwa sababu hapo ni fyuzi ya juu pekee inayolinda. Kwa Dyn11 itapitisha takriban ampea 240, kwa Yyn0 ampea 57 tu. Fyuzi ya ampea 40 itakatika upesi kwa mkondo wa kwanza. Kwa wa pili inaweza kukaa muda mrefu, huku tangi likichemka na volti 230 za fezi nzima zikipanda kuelekea 360, za kutosha kuunguza friji za wateja.

Kupima si kazi ngumu. Transfoma ikiwa imekatwa kwenye laini, unganisha fezi tatu za chini pamoja, acha upande wa juu wazi, kisha weka volti ndogo ya fezi moja kati ya fezi hizo na nyutro. Zidisha volti kwa 3, gawanya kwa ampea. Kwa ampea 300, Dyn11 yetu itahitaji volti 2 hivi. Yyn0 itadai kama 25.