Swali la jedwali la biashara: jinsi ya kulitunga bila kumwonea mwanafunzi

Katika shule nyingi za kijamii za wadi ya Lindi, Kibra, karatasi ya majaribio ya Masomo ya Jamii hutungwa na mwalimu mwenyewe, au hununuliwa mjini na kutolewa fotokopi. Swali ambalo huzua malalamiko mengi wakati wa kusahihisha ni lile lenye jedwali la takwimu za biashara. Mwanafunzi ameyasoma madokezo yake yote, lakini alama zinapotea. Mara nyingine kosa si lake, ni la swali.

Mchukue mwalimu wa gredi ya 8 anayetaka kupima mada ya biashara ya kimataifa. Kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, huchapisha Ripoti ya Uchumi inayoonyesha thamani ya bidhaa ambazo Kenya imeuza nje na zile ambazo imenunua kutoka nje. Jedwali la ripoti ni refu na lina desimali nyingi. Mwalimu anahitaji sehemu yake ndogo tu, kwa hivyo anachukua miaka minne na kukadiria kila nambari hadi bilioni iliyo karibu.

Biashara ya Kenya na nchi za nje (mabilioni ya shilingi)

| Mwaka | Zilizouzwa nje | Zilizonunuliwa kutoka nje |
|---|---|---|
| 2019 | 597 | 1,806 |
| 2020 | 644 | 1,644 |
| 2021 | 744 | 2,151 |
| 2022 | 873 | 2,491 |

Chanzo: KNBS, Ripoti ya Uchumi

Kichwa cha jedwali kinataja nchi, aina ya biashara na kipimo. Kipimo kikikosekana, mtoto atakayeandika "shilingi 644" hatakuwa na hatia. Safu ya tatu ya pengo la biashara, yaani tofauti kati ya ununuzi na mauzo, imeachwa nje kwa makusudi, kwa sababu kuitafuta ndiyo kazi ya mwanafunzi.

Sasa maswali yenyewe. La kwanza linapaswa kuwa jepesi, ili kila mtoto aingie katika jedwali: "Ni mwaka gani thamani ya bidhaa zilizonunuliwa kutoka nje ilikuwa ndogo zaidi?" Jibu ni 2020, alama 1. Anayekosa hapa hajasoma safu sahihi, na mwalimu anajua pa kuanzia kumsaidia.

La pili ni la hesabu: "Tafuta pengo la biashara la mwaka 2021." Mwanafunzi anatoa 744 katika 2,151 na kupata bilioni 1,407. Hapa mwongozo wa kusahihisha utoe alama 1 kwa kuchagua nambari mbili sahihi na alama 1 kwa jibu. Aliyechagua vizuri lakini akakosea kutoa asipate sufuri, kwa kuwa somo hili linapima usomaji wa takwimu, si kutoa peke yake.

Swali la tatu ndilo kiini: "Kati ya 2020 na 2021 Kenya iliuza bidhaa nyingi zaidi nje, lakini pengo la biashara lilipanuka. Tumia jedwali kueleza sababu." Aliyekariri kwamba kuuza zaidi nje hupunguza pengo atakwama, mpaka arudi kwenye nambari. Mauzo yalipanda kutoka 644 hadi 744, yaani bilioni 100. Ununuzi ulipanda kutoka 1,644 hadi 2,151, yaani bilioni 507. Ununuzi uliongezeka kwa zaidi ya mara tano ya mauzo, ndiyo maana pengo likatoka bilioni 1,000 hadi 1,407. Alama 3 zinagawika vizuri: moja kwa ongezeko la mauzo, moja kwa ongezeko la ununuzi, moja kwa kulinganisha yote mawili. Aliyekosea hesabu ya swali la pili bado anaweza kuzipata zote, kwa sababu swali hili halitegemei jibu la lile.

Swali la nne linatoka nje ya jedwali, na ni lazima liseme hivyo waziwazi: "Kwa kutumia ulichojifunza darasani, taja sababu mbili zinazoweza kupunguza ununuzi wa bidhaa kutoka nje katika mwaka mmoja." Mtoto anaweza kutaja janga kama la korona lililopunguza safari na shughuli mwaka 2020, bei ya mafuta kushuka, au ushuru kupandishwa. Jedwali linaonyesha kwamba ununuzi ulishuka, halionyeshi kwa nini. Swali linalosema "kutokana na jedwali, kwa nini ununuzi ulishuka mwaka 2020?" linadai kitu ambacho hakimo, na mwanafunzi makini atapoteza muda akikitafuta.

Kuna swali jingine la kuepukwa, ingawa linaonekana zuri: "Ni mwaka gani Kenya ilifanya vizuri zaidi katika biashara?" Mmoja ataandika 2022, kwa sababu mauzo ya nje yalikuwa makubwa zaidi. Mwingine ataandika 2020, kwa sababu pengo lilikuwa dogo zaidi. Wa tatu atasema 2020 haukuwa mwaka mzuri kwa yeyote. Wote wana hoja, lakini mwongozo una jibu moja. Neno "vizuri" libadilishwe na kitu kinachopimika, kama "pengo lilikuwa dogo zaidi".

Kosa lingine hujificha katika kukadiria. Kwa mwaka 2019, ripoti yenye desimali inatoa pengo la takriban bilioni 1,210. Lakini anayetoa 597 katika 1,806 anapata 1,209. Mwalimu akinakili jibu kutoka kwenye ripoti badala ya kulikokotoa kutoka jedwali alilochapisha, kila mtoto aliyefanya hesabu sawasawa atawekewa mkasi. Mwongozo uandikwe kutokana na nambari zilizo mbele ya mwanafunzi.

Mfano wa karibu husaidia wakati wa kufundisha kabla ya mtihani. Mitumba inayouzwa Toi ni bidhaa iliyonunuliwa kutoka nje, na petroli ya bodaboda pia. Majani chai na maua ni bidhaa zinazouzwa nje. Mtoto wa Lindi anayejua hivyo hatachanganya safu mbili za jedwali.

Kabla ya kuchapisha, mwalimu anaweza kufanya majaribio mawili. Kwanza, afunike jedwali na kujaribu kujibu maswali matatu ya mwanzo. Likijibika lolote, hilo linapima kukariri, litungwe upya. Pili, ampe mwalimu mwenzake karatasi bila mwongozo. Majibu yao yakitofautiana, tatizo liko kwenye swali. Kisha nakala ya kwanza ya fotokopi ikaguliwe kabla ya kulipia zilizobaki, kwani 1,644 iliyofifia husomeka kama 1,844, na hapo jibu la swali la kwanza linabadilika kuwa 2019.

Mzazi naye anaweza kuangalia karatasi iliyorudishwa nyumbani kwa njia hiyohiyo. Nambari zilizoko kwenye jedwali zikitoa jibu la mtoto, na mwongozo unasema vingine, ana sababu ya kumwendea mwalimu na kuomba swali lisahihishwe upya. Ripoti za KNBS zinapatikana bila malipo katika tovuti ya knbs.or.ke.