Barua ya Kwanza ya Meneja Mpya

Agosti 2011, mara tu Steve Jobs alipojiuzulu uongozi wa Apple, mrithi wake Tim Cook aliwaandikia wafanyakazi barua pepe fupi. Hakutangaza mpango mpya wala hakueleza historia yake ya kazi. Aliwahakikishia kwamba Apple haitabadilika. Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 4 Februari 2014, Satya Nadella alishika usukani wa Microsoft na siku hiyohiyo akawaandikia watu wake barua ndefu zaidi, iliyopangwa kwa maswali: mimi ni nani, kwa nini niko hapa, kwa nini sisi sote tuko hapa, na tunafanya nini baada ya hapa. Aligusia hata familia yake, na tabia yake ya kununua vitabu vingi kuliko anavyoweza kumaliza.

Barua hizo mbili hazifanani kwa sababu hofu za wasomaji wake hazikufanana. Watu wa Apple waliogopa kwamba kila kitu kingegeuka baada ya mwasisi kuondoka. Kwa Microsoft wasiwasi ulikuwa kinyume chake, kwamba kampuni ilikuwa imeachwa nyuma na dunia ya simu za mkononi na hakuna ambacho kingegeuka. Kila mwandishi alianza pale palipowauma watu wake.

Wadau wa nje, yaani wateja, wauzaji, wasafirishaji, benki na wafadhili, nao wana hofu yao, na karibu kila mahali ni ileile: je, yale niliyokubaliana na meneja aliyeondoka bado yapo? Barua nyingi za utambulisho katika ofisi zetu hazilijibu swali hilo. Zinaanza na “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu”, zinafuata shahada za mwandishi, kisha ahadi ya kushirikiana kwa karibu. Kwenye karatasi yenye nembo utaratibu huo una heshima yake. Kwenye simu, msomaji huona kichwa na maneno machache tu kabla hajaamua kufungua, na maneno hayo machache yameshaliwa na salamu ya kiofisi.

Tuchukue mfano wa kubuni, kiwanda kidogo cha maziwa mkoani Iringa. Meneja mpya anaanza kazi tarehe 1 Machi. Wadau wake ni wafugaji wanaopeleka maziwa katika vituo vinne vya kukusanyia, wenye magari yanayoyabeba hadi kiwandani, maduka yanayouza mtindi, na benki iliyokopesha fedha za matangi ya kupozea. Kabla ya kuandika neno lolote, anakaa na mtangulizi wake katika makabidhiano na kumwomba vitu vitatu: mikataba iliyosainiwa, madeni ya pande zote mbili, na ahadi za mdomo. Hicho cha tatu ndicho kigumu kupatikana, maana hakuna faili la ahadi za mdomo. Katika mazungumzo inajitokeza kwamba wafugaji wa kituo kimoja waliambiwa bei ya lita ingepanda baada ya Pasaka. Hakuna aliyeandika popote.

Bodi inatangaza uteuzi kwanza, wafanyakazi wanasikia asubuhi hiyo, na barua ya meneja inatoka baada yao. Mpangilio huu una maana kubwa. Dereva wa kiwanda akiulizwa na mfugaji habari za bosi mpya ambaye hajawahi kumsikia, barua itakuwa imepoteza uzito wake kabla ya kufunguliwa. Hii ndiyo rasimu yake:

“Mada: Meneja mpya kuanzia 1 Machi, malipo na mikataba inaendelea

Ndugu wafugaji, wasafirishaji na washirika wetu,

Leo nimepokea umeneja wa kiwanda. Malipo ya maziwa ya Februari yatatoka tarehe 5 kama mlivyozoea. Mikataba yote iliyosainiwa inaendelea. Akaunti za benki za kiwanda hazijabadilika.

Kama kuna jambo mliloahidiwa na kiwanda ambalo halikuandikwa, nijulisheni kabla ya tarehe 15 Machi: lilikuwa jambo gani, liliahidiwa na nani, na lini. Nitamjibu kila mmoja kufikia tarehe 31.

Kwa miaka tisa nimefanya kazi ya kukusanya na kupima maziwa. Ndani ya wiki tatu nitafika vituo vyote vinne. Sitaamua lolote kuhusu bei kabla ya ziara hiyo.”

Sifa za mwandishi zimekuja mwisho, na ni ile moja tu inayomhusu mfugaji. Anayejua kupima maziwa anaelewa uchungu wa mtu aliyerudishiwa ndoo nzima asubuhi. Neno “mabadiliko” halimo, wala hakuna sentensi inayomkosoa mtangulizi, hata kwa mafumbo. Wapokeaji wengi walikuwa rafiki zake. Baadhi bado ni majirani zake.

Sentensi ya akaunti za benki inaweza kuonekana haina kazi, lakini ipo kwa sababu nzito. Matapeli hupenda kipindi cha kubadilishana uongozi. Wanafungua anwani inayofanana na ya kampuni, labda ikiwa imezidi herufi moja, kisha wanaandika kwa jina la bosi mpya kwamba malipo sasa yaende kwenye akaunti nyingine. Mwenye duka ambaye hajaizoea sauti ya bosi huyo hana cha kulinganisha, analipa. Kwa hiyo barua ya utambulisho isichanganywe kamwe na taarifa ya kubadilisha akaunti, hata kama mabadiliko ni ya kweli. Mpokeaji aelezwe kwamba akipata ujumbe wa namna hiyo ampigie mhasibu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe. Benki yenyewe hubadilisha watia saini kwa utaratibu wake na azimio la bodi; barua pepe ya meneja haitoshi.

Kosa jingine hutokea wakati wa kutuma. Meneja anabandika anwani zote kwenye mstari wa “To”, na kila duka linapata orodha ya washindani wake pamoja na anwani zao. Mstari wa “Bcc” unazificha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, kwa hiyo jambo hili limepita mipaka ya adabu tu. Benki ni vizuri ipate barua yake peke yake, kwani inataka kujua ratiba ya marejesho ya mkopo kuliko ziara za vituo.

Wafugaji wengi hawafungui barua pepe. Nakala inachapishwa na kubandikwa ukutani penye mizani ya kila kituo, na karani anaisoma kwa sauti foleni ya asubuhi ikiwa ndefu.

Tuseme majibu kumi na moja yanafika kabla ya tarehe 15, na saba kati yake yanataja bei ya baada ya Pasaka. Meneja anayapeleka kwa bodi pamoja na hesabu ya gharama kwa kila lita. Bodi inakubali nusu ya nyongeza iliyodaiwa. Tarehe 31 anaandika tena, safari hii kwa mistari minne: kiasi kilichokubaliwa, siku kitakapoanza kulipwa, sababu ya nusu nyingine kukataliwa, na tarehe ambayo bei itajadiliwa upya. Nakala inaingia kwenye faili jipya, lenye lebo ya ahadi za mdomo.