Fahamu: Kwa nini picha haikuambii kama antena imelengwa vizuri

Wengi huelekeza antena kwa kutazama picha. Kwa televisheni ya kidijitali, kipimo hicho hudanganya: picha hubaki safi huku ishara ikipungua, kisha hukatika ghafla. Bora kusoma kiwango cha ishara kwa desibeli, na kubadilisha jambo moja kwa wakati.

Kwa mfano, katika vipimo vya Marekani vilivyochapishwa 1976, Peter Viezbicke alichunguza antena ya Yagi-Uda kwenye megahezi 400, ambako wimbi lina urefu wa sentimita 75. Waya unaopokea, ukiwekewa nyuma waya mmoja mrefu kidogo wa kuakisi, uliongeza desibeli 2.6, karibu mara 1.8 ya nguvu. Umbali kati ya waya hizo ulikuwa sehemu 0.2 ya wimbi, yaani sentimita 15. Ukibadilisha nafasi hiyo, mawimbi ya waya hizo mbili hayakutani tena kwa mpangilio uleule, hivyo kuzisogeza karibu zaidi si lazima kusaidie.

Mtu atasema kugeuza antena kunatosha. Kunasaidia, lakini kilele cha antena fupi ni kipana: nyuzi chache pembeni hazionekani kwenye kipimo. Kwa hiyo tafuta pande zote mbili ambako ishara imeshuka desibeli 3, kisha lenga katikati. Pande hizo zisipolingana, shuku ishara inayoakisiwa na ukuta au paa la bati. Sogeza mlingoti, upime upya.