Video nne kwa wiki, au mbili?

Chukua mfano wa chaneli ya mapishi YouTube. Kila wiki mpishi hupandisha video moja ya pilau, inayotazamwa mara 4,000, na moja ya mboga, mara 1,000. Wastani ni 2,500. Anaongeza hadi video nne, na wastani unashuka hadi 1,750. Anaamini watazamaji wamemchoka.

Hapana! Tatu kati ya hizo nne ni za mboga. Pilau bado inapata 4,000 na kila mboga 1,000. Kilichobadilika ni mchanganyiko wa mada, na jumla ya wiki imepanda kutoka 5,000 hadi 7,000.

Kwa hiyo pilau ipimwe na pilau, mboga na mboga, kila video ikihesabiwa kwa siku zake 28 za kwanza, kwani ya zamani imekwisha kujikusanyia watazamaji. Ramadhani nayo isilinganishwe na mwezi wa kawaida.

Hasara ya kweli huonekana ndani ya mada ileile. Kila mboga ikishuka hadi 300, jumla inakuwa 4,900: kazi maradufu, watazamaji pungufu.