Maandishi Yanayojificha Ndani ya Slaidi

Faili la PowerPoint lenye mwisho wa .pptx, aina iliyoanza kutumika na Office 2007, ni furushi la zipu. Likinakiliwa, mwisho wa jina lake ukabadilishwa kuwa .zip kisha likafunguliwa, hutokea folda kadhaa. Ndani ya `ppt/slides` kuna faili moja la XML kwa kila slaidi, `ppt/charts` hubeba chati, na `ppt/media` ni ghala la picha. Mgawanyo huo ndio unaoeleza kwa nini mtu anayetafsiri slaidi kwa kufuata yale tu anayoyaona kwenye skrini hukuta baadaye kwamba nusu ya kazi imebaki katika lugha ya awali, na nusu nyingine imetoka nje ya visanduku vyake.

Chukua mfano wa slaidi za Kiingereza za kuwafundisha wahudumu wa afya wa jamii kuhusu malaria, zinazotakiwa kutoka kwa Kiswahili zikiwa na sura ileile. Slaidi moja ina maelezo ya kawaida, nyingine ina chati ya watu wanaotumia vyandarua, na ya tatu ina mchoro wa hatua za maisha ya mbu uliochukuliwa kama picha. Msomaji huona maandishi katika zote tatu, lakini kwa kompyuta hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina namna yake ya kutolewa na kurudishwa.

Maandishi ya kawaida ndiyo mepesi, ingawa nayo yana mtego. PowerPoint haihifadhi sentensi nzima kama kitu kimoja. Kila mahali herufi zinapobadilika, kwa mfano zikiwa nene au za rangi nyingine, sentensi hukatwa:

```xml
<a:p>
 <a:r><a:rPr lang="en-US" sz="2400"/>
  <a:t>Sleep under a </a:t></a:r>
 <a:r><a:rPr lang="en-US" sz="2400" b="1"/>
  <a:t>treated net</a:t></a:r>
 <a:r><a:rPr lang="en-US" sz="2400"/>
  <a:t> every night</a:t></a:r>
</a:p>
```

Programu inayochukua kila `<a:t>` peke yake itamletea mfasiri vipande vitatu visivyo na kichwa wala miguu. Inayofaa ni kuunganisha aya nzima kabla ya kuitafsiri, na kuweka alama mahali unene unapoanzia na kuishia, ili "Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku" irudi na unene wake juu ya "chandarua chenye dawa". Wakati mwingine sentensi huwa imekatwa bila sababu yoyote ya kuonekana, kwa kuwa tu mwandishi alirudi kuihariri. Vipande vya namna hiyo vyenye sifa zinazofanana kabisa huunganishwa kwanza. Sifa ya `lang` nayo hubadilishwa kuwa `sw-KE`, la sivyo PowerPoint itaendelea kukagua Kiswahili kwa kamusi ya Kiingereza na kupigia mstari mwekundu karibu kila neno.

Tatizo la nafasi huonekana hapa kwanza. Kisanduku kinaweza kuwa kimepangiwa kupunguza herufi zake pale maandishi yanapozidi, na kiasi cha kupunguza huandikwa ndani ya faili kama namba, mfano `fontScale="90000"`, yaani asilimia 90. PowerPoint hupiga hesabu hiyo mtu anapohariri kisanduku. Maandishi yakibadilishwa na programu ya nje, namba ya zamani hubaki palepale, na sentensi ndefu zaidi hufurika chini ya kisanduku mpaka mtu akiguse. Kwa sababu hiyo faili lililotoka kwenye programu ya kutafsiri halifai kupelekwa moja kwa moja ukumbini. Ni lazima lifunguliwe, na visanduku vilivyojaa vihaririwe kimoja kimoja. Kufupisha tafsiri mara nyingi kunafaa kuliko kupunguza herufi, kwa sababu herufi za nukta 12 hazisomeki kutoka safu ya nyuma.

Chati ndiyo huwanasa wengi. Maneno yanayoonekana kwenye mhimili wa chati huwa yameandikwa mara mbili. Nakala ya kwanza imo katika faili la chati lenyewe, ndani ya `<c:strCache>`, nayo ndiyo PowerPoint huichora kwenye skrini. Ya pili ni faili kamili la Excel lililofichwa katika `ppt/embeddings`, na humo ndimo namba na majina yalimotoka. Anayetafsiri nakala ya kwanza peke yake ataona chati safi ya Kiswahili. Wiki moja baadaye mkufunzi anabofya Edit Data ili asahihishe namba moja, PowerPoint inasoma upya faili la Excel, na "Pregnant women" inarudi mahali pa "Wajawazito". Kwa kuwa kosa halionekani siku ya kukabidhi kazi, lawama humwangukia mkufunzi aliyegusa chati mwisho, ambaye hana kosa lolote.

Njia salama kwa chati chache ni kuingia kwa Edit Data na kutafsiri majina katika seli za Excel. Chati itajisasisha yenyewe. Kichwa cha chati kama kiliandikwa kwa mkono hakimo kwenye seli, hivyo hutafsiriwa pale kilipo. Kwa chati nyingi, maktaba ya Python iitwayo python-pptx ina amri ya `replace_data`, inayoandika nakala zote mbili kwa pamoja. Gharama yake ni kwamba hutengeneza faili jipya la Excel, na fomula zilizokuwa katika lile la zamani hupotea. Fomula huleta tahadhari hata katika kazi ya mkono. Kama kuna fomula inayotafuta safu kwa jina lake la Kiingereza, kubadilisha jina hilo kutaleta `#N/A`, na nguzo nzima ya chati itatoweka. Kabla ya kugusa majina, inafaa kutazama kama seli za namba zina namba kweli au zina fomula.

Nafasi katika chati hubadilika kwa tabia zake. Jina likirefuka, PowerPoint hulilaza mshazari, au huruka jina moja baada ya jingine, au hubana eneo la nguzo ili maneno yapate pa kukaa. Katika mfano wetu "Under 5" inakuwa "Chini ya miaka 5", zaidi ya mara mbili ya urefu wa awali, ilhali "Pregnant women" inapungua na kuwa "Wajawazito". Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kuongeza nafasi, na kila jina hupimwa lenyewe. Kukata mstari ndani ya seli ya Excel, "Chini ya" juu na "miaka 5" chini, kwa kawaida hutosha. Kubadilisha nguzo za wima kuwa za ulalo kunasaidia pia, ila huko ni kubadilisha kazi ya mwandishi, na anapaswa kuulizwa kwanza.

Katika picha hakuna herufi kabisa. Mchoro wa mbu wenye maneno "Eggs", "Larva", "Pupa" na "Adult" ni pikseli tu, na programu yoyote inayopekua XML itaupita bila kuona neno. Kwanza inafaa kumwomba mwandishi mchoro wa asili, kwa kuwa ukipatikana, kazi yote inayofuata haihitajiki. Ukikosekana, hutumika programu ya kutambua maandishi kama Tesseract:

```
tesseract mbu.png matokeo -l eng tsv
```

Jedwali linalotoka huonyesha kila neno, mahali lilipo katika pikseli, na alama ya uhakika hadi 100. Maneno yenye alama ndogo husomwa kwa macho, hasa yaliyoandikwa juu ya rangi nzito au kwa herufi ndogo sana.

Kisha huja hesabu ya kuhamisha nafasi. Tuseme picha ina pikseli 1600 kwa 900, na kwenye slaidi imewekwa kwa upana wa inchi 8 na kimo cha inchi 4.5, ikianzia inchi 1 kutoka kushoto na inchi 2 kutoka juu. "Larva" limekutwa pikseli 1040 kutoka kushoto na 610 kutoka juu. Pikseli 1040 kati ya 1600 ni inchi 5.2 za upana huo, na ukiongeza inchi 1 ya mwanzo unapata 6.2. Kwa wima ni inchi 3.05 na 2, jumla 5.05. Hapo ndipo kisanduku kipya kinapoanzia. Kimo cha neno ni pikseli 36, sawa na inchi 0.18 au karibu nukta 13. Hicho ni kimo cha herufi kubwa peke yake, ambacho katika fonti nyingi ni kama asilimia 70 ya ukubwa unaotajwa, hivyo ukubwa sahihi ni nukta 18. Anayeandika nukta 13 atashangaa kwa nini maneno yake yamesinyaa.

Hesabu hiyo huharibika picha ikiwa imekatwa kingo ndani ya PowerPoint. Picha kamili hubaki ghalani, na sehemu iliyofichwa huandikwa katika `srcRect`. Kwa mfano `l="10000"` ina maana kwamba asilimia 10 ya kushoto haionekani. Katika picha yetu ukingo wa kushoto ungekuwa pikseli ya 160, na upana wa inchi 8 ungegawanywa kwa pikseli 1440. Dalili ya kusahau jambo hili ni visanduku vyote kusogea upande mmoja.

"Kiluwiluwi" kwa nukta 18 za Arial huchukua inchi 1 na kidogo, ambapo "Larva" lilitumia 0.6. Kisanduku hutanuliwa pande zote mbili ili katikati yake isihame kutoka kwenye mshale. Pia kisanduku kipya cha PowerPoint huja na ukingo wa ndani wa inchi 0.1 kushoto na kulia, ambao husogeza neno au kulivunja mistari miwili. Katika lebo ndogo ukingo huo huwekwa sifuri.

Neno la zamani hufunikwa kwa kisanduku chenye rangi ya mandhari kama mandhari ni ya rangi moja. Juu ya rangi inayofifia au picha ya kamera, kiraka huonekana, na afadhali neno lifutwe katika programu ya picha kama GIMP, kisha picha irudishwe kwa Change Picture ikiwa na pikseli zilezile. Hata mandhari yakiwa meupe, kisanduku cha juu kina udhaifu. Kama picha ilipangiwa kuingia kwa kubofya, lebo zitatokea kabla yake zikielea hewani. Kuziweka pamoja na picha katika kundi moja hufuta mpangilio wa kuingia, kwa hiyo mpangilio hutengenezwa upya baada ya kuunda kundi.

Ukaguzi hufanywa kwa kutoa PDF ya faili la awali na ya faili jipya kutoka PowerPoint yenyewe, na kuzitazama slaidi kwa slaidi. PDF haitaonyesha mwendo wa picha, kwa hiyo slaidi zenye mwendo huendeshwa kama onyesho. Chati kila moja hufunguliwa kwa Edit Data na kufungwa, ili Kiingereza kilichobaki kwenye Excel kijitokeze. Baki ni maandishi ya msemaji, slaidi zilizofichwa, na maelezo mbadala ya picha, ambayo husomwa kwa sauti na kompyuta ya mtu asiyeona na hukaa katika sifa ya `descr`.